Jinsi ya Kusafisha Tundu la Chaji Lililojaa Nyuzi na Vumbi bila Kuvunja Pini: Mwongozo Kamili

Simu inakataa kuingiza chaji mpaka waya ushikiliwe kwa mkono, au ncha ya waya inachomoka mara tu simu inaposogezwa. Mwenye simu hununua waya mpya, hali inabaki ileile, kisha huchukua sindano au pini ya kutolea laini na kuanza kuchokonoa. Nyingi kati ya simu zinazofika mezani kwangu zikiwa na pini zilizopinda hazikuharibiwa na uchafu, bali na jaribio hilo la kuutoa.

Mwongozo huu unahusu hasa tundu la Taipu C, kwa kuwa ndilo lililomo katika simu nyingi zinazouzwa sasa. Kuelekea mwisho nimeeleza yanayobadilika kwa tundu la aifoni za zamani na kwa tundu la maikro. Mafundi wengi huliita tundu hili sistimu chaji, kwa hiyo ukilisikia jina hilo dukani ujue ni kitu kilekile.

## Vifaa vya kuandaa

Andaa vitu vyote kabla ya kuigusa simu, kwa sababu mtu anayetafuta kifaa katikati ya kazi huishia kutumia chochote kilicho karibu.

- Vijiti vya meno vya mbao, vinne au vitano, visivyo na mipasuko.
- Wembe mpya wa kuvichongea vijiti hivyo.
- Tochi yenye mwanga mkali. Tochi ya simu nyingine inatosha.
- Mswaki laini wa mtoto ambao haujawahi kutumika, na uwe mkavu kabisa.
- Kipulizio cha mpira cha kubonyeza kwa mkono, kama kile cha kusafishia kamera, ikiwa unacho.
- Karatasi nyeupe au kitambaa cheupe cha kutandika mezani.
- Waya wa chaji unaojulikana kuwa ni mzima, pamoja na kichwa chake.
- Kioo cha kukuzia, au simu ya pili yenye kamera inayoweza kuvuta picha karibu.

Spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi inaweza kuhitajika, lakini si kwa kila simu. Nitaeleza mahali pake katika hatua ya saba.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuwapo mezani hata kwa bahati mbaya: sindano, pini ya kutolea laini, kibano cha chuma, pamba za masikio, manukato, mafuta ya aina yoyote na pampu ya upepo ya gereji. Chuma hukwangua rangi ya dhahabu iliyo juu ya pini, na pini iliyokwanguliwa huanza kuota kutu. Aidha, kipande cha chuma kikikatikia ndani kinaweza kuunganisha pini mbili zisizotakiwa kukutana pindi utakapochomeka chaji. Pamba ya masikio ni nene kuliko nafasi iliyopo, na huacha nyuzi zake mahali ulipokuja kutoa nyuzi. Upepo wa gereji una nguvu kupita kiasi na mara nyingi hutoka na matone ya maji au mafuta ya mashine.

## Uchafu umekaa wapi hasa

Washa tochi na uangalie ndani ya tundu. Utaona kipande chembamba kimesimama katikati kama ulimi. Juu ya ulimi huo kuna pini 12 na chini yake kuna nyingine 12, na pini hizo ndizo zinazopokea umeme na kupitisha mawasiliano na kompyuta. Ulimi una unene wa takriban milimita 0.7. Nafasi iliyobaki kati yake na ukuta wa tundu, iwe juu, chini au pembeni, haifiki milimita 1.

Sasa fikiria kinachotokea simu inapokaa mfukoni. Nyuzi za kitambaa na vumbi huingia zikiwa legelege, na zingebaki hivyo kama zisingeguswa. Lakini kila unapochomeka waya, ncha yake huzisukuma mpaka mwisho wa tundu na kuzishindilia. Kesho huingia nyingine na kushindiliwa juu ya zile za jana. Baada ya miezi kadhaa, chini ya tundu panakuwa na bonge gumu lililobanana kama zulia, hasa katika pembe mbili, ya kushoto na ya kulia, ambako ncha ya waya hubana zaidi.

Bonge hilo halizuii umeme kwa kuzifunika pini peke yake. Kinachotokea zaidi ni kwamba linaizuia ncha ya waya isifike mwisho. Ndani ya ncha ya Taipu C kuna vibanio viwili vidogo vinavyoshika mbavu za ulimi pale tu ncha inapoingia kikamilifu. Ncha ikiishia njiani, vibanio havishiki, waya unacheza, na pini zinagusana kwa shida. Kwa sababu hiyo, mtu anayepangusa ulimi kwa bidii lakini akaacha pembe za mwisho zikiwa zimejaa hataona mabadiliko yoyote. Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi.

## Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni uchafu

Usisafishe tundu ambalo si chafu. Fanya majaribio mawili yafuatayo, ambayo hayachukui zaidi ya dakika 5.

Chukua waya uleule unaolegea uuchomeke kwenye simu nyingine yenye tundu la aina hiyohiyo. Ukilegea huko pia, waya ndio umechoka na simu yako haina kosa. Ukibana vizuri huko, chukua waya mzima wa mtu mwingine uuchomeke kwenye simu yako. Ukilegea, tatizo liko kwenye tundu.

Kisha ondoa kava, chomeka waya kwa nguvu ya kawaida, na uangalie kwa pembeni mahali ncha inapokutana na mwili wa simu. Sehemu ya chuma ya ncha ya Taipu C ina urefu wa milimita 6 na nusu hivi, na katika simu nyingi humezwa karibu yote. Ukiona chuma kimebaki nje kwa milimita 1 au zaidi, na usiposikia ule mbano mdogo kidoleni waya unapofika mwisho, karibu ni hakika kwamba kuna bonge chini ya tundu. Nasisitiza kuondoa kava kwa sababu kava nene zenye tundu jembamba huizuia ncha isiingie, na nimewahi kuona watu wakisafisha tundu safi kwa wiki nzima kumbe kava ndiyo iliyokuwa inazuia.

Piga picha ya ncha ikiwa imechomekwa hivyo. Utaihitaji kulinganisha baadaye.

## Hatua ya 1: Zima simu kabisa

Chomoa waya, kisha zima simu kwa kitufe chake. Kuzima skrini au kuweka simu katika hali ya ndege hakutoshi. Betri bado imo ndani na saketi za chaji zimeunganishwa nayo, kwa hiyo simu iliyozimwa inapunguza hatari ya umeme kupita mahali pasipostahili ikiwa utateleza. Acha ikae dakika 5, na kama ilikuwa na joto la kuchaji, subiri ipoe.

Ikiwa simu ilinyeshewa, ilidondoka majini au imekuwa ikionyesha onyo la unyevu, usiendelee leo. Iache mahali pakavu penye hewa kwa saa 24, tundu likitazama chini. Nyuzi zilizolowana hugeuka tope, na ukizichokonoa zikiwa katika hali hiyo utazipaka juu ya pini.

## Hatua ya 2: Chonga kijiti

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua matokeo. Kijiti cha kawaida cha meno kina unene wa milimita 2 hivi, ilhali nafasi unayotaka kukiingiza haifiki milimita 1. Ukikilazimisha kama kilivyo, ama kitavunjika ndani ama kitaupinda ulimi.

Laza kijiti mezani na ukichonge kwa wembe pande mbili zinazotazamana, kuanzia urefu wa sentimita 1 kutoka nchani, mpaka kiwe bapa kama ubao mdogo wenye unene wa nusu milimita. Daima elekeza wembe mbali na vidole. Kata ile ncha kali kabisa ili mwisho uwe butu, kisha uchonge mshazari kidogo, upande mmoja uwe mrefu kuliko mwingine, ufanane na patasi ndogo. Kona ile ndefu ndiyo itakayoingia chini ya bonge na kulivuta.

Chonga vitatu. Mbao hulainika na kuchanika baada ya kukwangua mara kadhaa, na kijiti kilichochanika huacha vibanzi ndani. Umefanikiwa katika hatua hii ikiwa kijiti chako kinapita kwa ulaini katika mwanya mwembamba ndani ya mdomo wa waya wa zamani usiotumika, pasipo kukwama. Ujaribu huko kabla ya kuugusa mdomo wa simu.

## Hatua ya 3: Toa vumbi legelege

Tandika karatasi nyeupe. Shika simu tundu likitazama chini, kisha gonga mgongo wake polepole kwa kiganja mara kumi hivi. Fuatisha kwa mswaki mkavu, ukipitisha kwenye mdomo wa tundu kutoka ndani kwenda nje. Nyuzi za mswaki hazitafika mwisho wa tundu, na wala hazikusudiwi kufika. Kazi yake ni kuondoa mchanga ulioko mdomoni ili kijiti kisije kikausukuma ndani.

Kama una kipulizio cha mpira, kibonyeze mara nne au tano tundu likiwa bado limetazama chini. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ya mtu ina unyevu na mate, na unyevu huo hutua juu ya pini wakati ule ule nyuzi zinaposhikamana zaidi.

Usitarajie bonge kutoka katika hatua hii. Kinachotoka ni mchanga na nyuzi chache, na hayo ndiyo mafanikio yake.

## Hatua ya 4: Anza na pembe, usianze na katikati

Sasa shika simu kwa mkono mmoja, skrini ikitazama juu, na tochi imulike moja kwa moja ndani ya tundu. Kama mikono inatetemeka, egemeza viwiko vyote viwili mezani.

Ingiza kijiti katika pembe ya kushoto, kati ya ubavu wa ulimi na ukuta wa tundu, bapa lake likiwa sambamba na ukuta. Kiache kiteremke kwa uzito wa vidole viwili tu mpaka kiguse chini. Mguso wa chini unakueleza mengi. Ukiwa mgumu wa kukoma ghafla, kama kijiti kimegonga jiwe, umefika kwenye mwili wa tundu na pembe hiyo ni safi. Ukiwa laini wenye kudunda, kama unabonyeza mkeka, umefika kwenye bonge.

Ukilifikia bonge, kizungushe kijiti kidogo ili kona yake ndefu iingie kati ya bonge na ukuta, kisha kivute kuelekea nje huku ukikibana kwenye ukuta. Kuna kanuni moja ya kushika katika hatua hii nzima: nguvu itumike wakati wa kuvuta pekee, na shinikizo lielekee ukutani, lisielekee kwenye ulimi hata kidogo. Ukuta ni chuma imara kinachoweza kustahimili mbao. Ulimi ni plastiki nyembamba yenye pini juu yake, na ukivunjika, tundu zima halina budi kubadilishwa.

Mara mbili tatu za kwanza huenda zisitoe chochote, au zitoe vumbi la kijivu. Usiongeze nguvu. Rudia kwa subira, kisha nenda pembe ya kulia ufanye vilevile. Bonge huanza kulegea upande mmoja, halafu hutoka kwa pamoja kama kipande cha nguo nzito. Kila kinachotoka kiweke kwenye karatasi, maana kiasi chake kitakusaidia kukadiria kilichobaki.

## Hatua ya 5: Safisha juu na chini ya ulimi

Pembe zikiwa wazi, sasa upitishe kijiti kipya katika nafasi iliyo juu ya ulimi. Kilaze bapa, kigusishe ukuta wa juu, kiteremshe mpaka chini, kisha kiburute kutoka katikati kwenda pembe ya kushoto na kukivuta nje. Rudia kuelekea kulia. Halafu igeuze simu, skrini itazame chini, ufanye hivyo hivyo kwa upande wa pili.

Usikiburute kijiti kukatisha juu ya pini zenyewe. Pini zimepangwa kwa mstari kutoka nje kwenda ndani, na mbao inayozikatisha inaweza kunasa ukingo wa mojawapo na kuinyanyua. Ndiyo maana nasema kijiti kigusane na ukuta wakati wote.

Acha kazi mara moja ukiona ulimi unacheza unapoguswa, umepasuka, au una pini moja iliyosimama juu kuliko wenzake. Hapo hakuna tena kazi ya kusafisha.

## Hatua ya 6: Kagua na upime

Gonga tena simu ikitazama chini, pitisha mswaki, kisha umulike. Tundu safi lina sakafu inayoonekana wazi kuzunguka ulimi wote, na rangi yake ni moja kutoka pembe hadi pembe. Ukiona upande mmoja ni wa kijivu chenye manyoya na mwingine unang'aa, bado kuna bonge. Kamera ya simu ya pili huonyesha tofauti hiyo kuliko macho matupu.

Baada ya hapo chomeka waya mzima, simu ikiwa bado imezimwa na waya ukiwa haujaunganishwa na umeme. Sikiliza kwa vidole: ncha inapaswa kubana kwa mshtuko mdogo inapofika mwisho. Linganisha na picha uliyopiga mwanzoni. Shika waya uiache simu ining'inie sentimita chache juu ya kitanda au mto. Tundu zima lenye waya mzima huishikilia simu ya kawaida bila kuiachia.

Kama ncha imeongezeka kuingia lakini bado haijafika, rudi hatua ya 4. Mara nyingi chini ya bonge la kwanza kuna la pili lililo gumu zaidi, kwa kuwa hilo ndilo lililotangulia kushindiliwa.

## Hatua ya 7: Spiriti, pale tu inapolazimu

Nyuzi kavu hazihitaji spiriti. Spiriti inafaa ikiwa uchafu una mnato, kwa mfano jasho lililokauka, soda au unga wa ngano, au ikiwa simu inachaji waya unapoelekezwa upande mmoja na kugoma ukigeuzwa.

Jambo hili la pili linahitaji maelezo. Waya wa Taipu C hutakiwa kufanya kazi kwa pande zote mbili, kwa sababu tundu lina pini ya utambuzi upande wa juu na nyingine upande wa chini. Kupitia pini hiyo chaji hujua kwamba kuna simu iliyochomekwa. Ikiwa mojawapo imefunikwa na utando, simu itachaji upande mmoja na kuwa kimya upande wa pili, hata kama ncha imebana vizuri.

Dondoshea tone moja la spiriti kwenye kipande cha karatasi laini, gusisha ncha ya kijiti kilichochongwa kwenye karatasi hiyo ili kipate unyevu tu, kisha kipitishe juu ya pini za upande unaogoma, kutoka ndani kwenda nje, kwa mguso mwepesi kabisa. Mara tatu zinatosha. Hii ndiyo nafasi pekee ambapo kijiti kinaruhusiwa kugusa pini, na kinazifuata kwa urefu wake bila kuzikatisha. Usimimine spiriti ndani ya tundu.

Iache simu ikiwa imezimwa kwa dakika 30, tundu likitazama chini. Ukiwa umetumia spiriti ya asilimia 70, sehemu iliyobaki ni maji, kwa hiyo iache saa 2 au zaidi. Spiriti yenye rangi, ile ya jiko au ya kupaka mwilini, isitumike kabisa kwa kuwa huacha utando wake inapokauka.

## Hatua ya 8: Chaji ya kwanza

Washa simu, kisha uchomeke chaji kwenye umeme. Kaa karibu kwa dakika 15 za kwanza. Gusa eneo la tundu kila baada ya dakika chache: uvuguvugu ni wa kawaida, lakini joto linalokufanya uondoe kidole, harufu ya plastiki au alama ya chaji inayowaka na kuzimika ni sababu ya kuchomoa papo hapo kutoka ukutani kwanza, kisha kwenye simu.

Geuza ncha ujaribu upande wa pili. Tikisa waya taratibu kulia na kushoto, na chaji isikatike. Ikiwa simu yako ilikuwa ikionyesha `Fast charging` zamani na maneno hayo yalikuwa yamepotea, sasa yanapaswa kurudi ukitumia kichwa chake cha asili. Mwisho, unganisha simu na kompyuta uone kama inatambuliwa, kwa sababu mawasiliano hutumia pini tofauti na zile za umeme, na simu inaweza kuchaji vizuri huku pini hizo zikiwa bado zimefunikwa.

## Kazi moja ilivyokwenda

Fundi cherehani mmoja aliniletea simu ambayo kwa miezi miwili alikuwa akiichaji kwa kuiwekea kitabu juu ya waya. Simu ilikaa mchana kutwa katika mfuko wa mbele wa aproni, mahali pale pale vinapoangukia vipande vya nyuzi anapokata vitambaa. Alikuwa amekwisha kununua nyaya mbili mpya.

Waya wangu ulibana katika simu nyingine na kulegea katika ya kwake, na chuma kilibaki nje kwa milimita 1 na nusu kwa kukadiria. Kwa tochi, tundu lilionekana safi, na hili ndilo lililomdanganya yeye na mtu wa kwanza aliyeitazama. Bonge lilikuwa limeshindiliwa sawasawa kiasi kwamba lilifanana na sakafu yenyewe. Kijiti ndicho kilichosema kweli, kwa kuwa katika pembe zote mbili kilidunda.

Mivuto mitatu ya kwanza katika pembe ya kushoto ilitoa vumbi la kijivu peke yake. Katika wa nne, ukingo ulinyanyuka, na wa sita ukatoa bonge la ukubwa wa nusu ya punje ya mchele. Nililifumua juu ya karatasi, nalo lilikuwa na matabaka: nyuzi za bluu, halafu nyeupe, halafu nyekundu, kadiri ya kazi alizokuwa akishona. Pembe ya kulia ikatoa la pili dogo zaidi. Nilichomeka waya nikaona umebaki nusu milimita, nikarudi, na chini kabisa kukawa na tabaka jembamba gumu lililohitaji kijiti kipya na dakika kumi za kukwangua taratibu.

Ncha ikabana. Hata hivyo simu ilichaji upande mmoja tu. Nilipitisha spiriti kidogo kwenye pini za upande uliogoma, tukasubiri dakika 30 huku akirudi kwenye cherehani yake, na aliporejea ilichaji pande zote. Kazi nzima, ukiacha kusubiri, ilichukua kama dakika 25. Zile nyaya mbili alizonunua zilikuwa nzima, na sasa anazitumia.

## Kinachobadilika kwa matundu mengine

Aifoni za zamani. Kuanzia aifoni 5 ya mwaka 2012 hadi aifoni 14, tundu halina ulimi wa katikati. Ni nafasi tupu yenye pini 8 katika ukuta mmoja, na vibanio vya chuma kushoto na kulia vinavyoishika ncha. Kuanzia aifoni 15 ya mwaka 2023, tundu ni la Taipu C na hatua zilizotangulia zinatumika kama zilivyo. Kwa zile za zamani, mulika kwanza uone pini ziko ukuta upi, kisha uburute kijiti ukigusisha ukuta wa upande wa pili. Bonge hutoka kirahisi zaidi kwa kuwa hakuna kinachokuzuia katikati, ila usivisukume vile vibanio vya pembeni kuelekea nje, kwa sababu vikipoteza mbano wake waya utalegea daima.

Maikro. Tundu hili ni dogo zaidi na ulimi wake ni dhaifu zaidi. Hapa ninashauri ununue waya mpya kabla ya kusafisha chochote, kwa sababu vindoano viwili vinavyoishikilia ncha viko kwenye waya wenyewe, na vikilika, waya hulegea hata katika tundu lililo safi kabisa. Kama waya mpya nao unalegea, tumia mswaki na kipulizio, na kijiti kipitishwe upande ule usio na pini peke yake.

Katika simu zote, kuna vitundu vidogo vya duara kando ya tundu la chaji. Baadhi ni vya maikrofoni na vingine ni vya spika. Usiingize kijiti humo, kwa maana maikrofoni iliyotobolewa haisafishiki.

## Wakati wa kwenda kwa fundi

Mpelekee fundi simu yako bila kujaribu zaidi ukiona kutu ya kijani au nyeupe juu ya pini, pini nyeusi iliyoungua, ulimi uliopasuka, au tundu zima linalocheza ndani ya mwili wa simu. Vivyo hivyo kama ncha inabana vizuri, umejaribu nyaya mbili nzima, na chaji bado inakatika. Mweleze kwamba umekwisha kusafisha na ncha inafika mwisho, ili asianze upya mahali ulipoishia. Katika simu nyingi tundu limo kwenye ubao mdogo unaobadilishwa peke yake, na katika nyingine limechomelewa kwenye ubao mkuu, jambo linaloongeza gharama. Muulize ni lipi kabla ya kukubaliana bei.

Kwa mtu ambaye simu yake hukaa mfukoni au kwenye aproni, kuligeuza tundu litazame juu hupunguza nyuzi zinazokusanyika chini ya mfuko kuingia humo. Kifuniko kidogo cha mpira husaidia pia, mradi ukitoe simu inapokuwa na unyevu. Mulika tundu mara moja kila mwezi na uguse pembe kwa kijiti kilichochongwa, simu ikiwa imezimwa. Ukikuta mguso wa kudunda mapema hivyo, nyuzi bado hazijashindiliwa na mvuto mmoja au miwili huzitoa.